Anwani ya Nyumba ya Kupanga Haiandikwi Bila Ruhusa

Mpangaji wa Karatu unayejiandaa kusajili biashara, simama kwanza.

Wengi wanaofanya kazi Ngorongoro wanalala Karatu. Ndani ya Hifadhi hakuna kiwanja cha mtu binafsi cha kujengea vyumba vya kupangisha, kwa hiyo dereva, mpishi wa kambi na mwongoza watalii wanapanga mjini. Siku wanayotaka kujitegemea, wanaingia kwenye mfumo wa BRELA, ORS, na kujaza mkoa, wilaya, kata, mtaa na namba ya nyumba. Namba wanaisoma kwenye kibao kilichobandikwa ukutani wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Sanduku la posta wanaandika la mwenye nyumba.

Mwenye nyumba hajaulizwa. Cheti kinatoka.

Hatari inaanzia hapo.

Anwani ile inahamia kwenye TIN, kisha kwenye leseni ya halmashauri. Mwaka unaofuata mpangaji anahama. Anwani haihami.

TRA ikituma barua ya makadirio, inakwenda kwenye sanduku lile. Mzee mwenye nyumba anaiona, haifungui kwa kuwa si yake, anaiweka juu ya kabati. Kisheria, anayepinga makadirio ana siku 30 tangu afikishiwe taarifa. Ndani ya siku hizo lazima pia alipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa. Siku zinapita barua ikiwa kabatini. Deni linabaki, riba inapanda, na wewe uko porini na wageni. Kusema "sikuiona" hakutakuokoa, maana anwani uliitoa mwenyewe.

Kwa kampuni ni mbaya zaidi. Hati za mahakama zinaweza kuachwa kwenye ofisi iliyosajiliwa. Zikiachwa kwenye nyumba uliyokwisha kuhama, kesi inaweza kusikilizwa bila wewe na hukumu ikatoka ya upande mmoja.

Na mwenye nyumba? Anagongewa mlango na wadai wa mtu ambaye yeye mwenye nyumba hana hata namba yake mpya ya simu. Akija dalali wa mahakama, mzee ndiye atakayehangaika kueleza kwamba makochi ni yake. Hilo si jambo la kumfanyia mtu aliyekupa ufunguo.

Najua kwa nini wapangaji wanakwepa kuuliza: wanaogopa kunyimwa. Wenye nyumba nao wanakataa kwa sababu moja kubwa, nayo ni kodi. Basi waambiwe hesabu waziwazi.

Tuseme chumba ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Pango likiwa la biashara, mpangaji anatakiwa kuzuia asilimia 10, yaani 15,000, na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mwenye nyumba anapokea 135,000. Mkataba nao una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka: kwa pango la 1,800,000 ni 18,000. Usipoizuia ile 15,000, TRA itakudai wewe. Ukiizuia bila kumwambia mzee, atakuona mwizi. Kubalianeni kabla ya kusajili, pamoja na nani atalipa stempu.

Omba ruhusa. Iombe kwa maandishi.

Nenda kwa heshima, umweleze kwa mdomo kwanza, kisha barua. Tenganisha maombi mawili, maana wengi wanayachanganya. Kupokelewa barua ni jambo dogo. Kusajili biashara kwenye nyumba ya mtu ni jambo kubwa. Andika hivi: "Mzee, naomba ruhusa ya kutumia anwani ya nyumba yako, namba fulani, kusajili jina la biashara fulani. Wateja hawatakuja hapa na sitaweka bango. Ruhusa iishe siku mkataba wangu wa pango utakapoisha, na kabla ya kuhama nitabadilisha anwani BRELA, TRA na halmashauri." Wekeni sahihi wote wawili, mtendaji ashuhudie, kila mmoja abaki na nakala.

Akikataa, amekataa. Usiandike anwani yake. Tafuta fremu au ofisi ya kushirikiana na wenzako, na upange sanduku lako mwenyewe pale posta. Sanduku la kwako halikai chini ya ruhusa ya mtu.

Wenye nyumba, nanyi msikilize. Ikija barua yenye jina la biashara msiyoijua, msiitupe wala kuifungua. Mwiteni mpangaji siku hiyohiyo. Kama amehama, irudisheni posta ikiwa imeandikwa kwamba mhusika hayupo, na mtoe taarifa kwa mtendaji kwa maandishi.

Na wewe uliyekwisha kusajili bila kuuliza, nenda kwa mwenye nyumba wiki hii kabla barua ya kwanza haijafika.