Mtungi wa Gesi Uvunguni

Wenye nyumba wengi huwaambia wapangaji wao, "Msilale na mtungi wa gesi," kisha huenda zao. Kwa maoni yangu, katazo lisiloelezwa sababu halidumu. Mpangaji wangu mmoja aliusikia usemi huo, lakini akaulaza mtungi wake wa kilo 6 uvunguni mwa kitanda kwa kuhofia wezi.

Hakujua ya kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, takriban mara moja na nusu hadi mbili. Ivujapo haipandi darini. Hutambaa sakafuni na kutuama uvunguni mfano wa maji, hata dirisha likiwa wazi. Tena mtungi uliolazwa huweza kutoa gesi ikiwa bado majimaji, na lita 1 ya majimaji hayo huwa zaidi ya lita 200 za mvuke. Ndiyo maana mtungi husimamishwa wima, penye hewa, mbali na moto.

Usiku mmoja alisikia harufu, ile itiwayo makusudi ili gesi itambulikane, akanyosha mkono kwenye swichi. Mkewe akamzuia, na alifanya vyema: swichi huweza kutoa cheche ikiwashwa au ikizimwa. Walifunga vali gizani, wakaacha mlango wazi, wakanipigia simu wakiwa nje.

Asubuhi tuliupeleka mtungi uani, tukafungua vali na kupaka povu la sabuni. Mapovu yakafura kwenye ufa wa mpira. Mpira mpya niliununua mimi.