Kodi ya kwenye vitabu siyo iliyotoka mfukoni

WAFANYABIASHARA wengi wa mpunga katika kata ya Umwe, Ikwiriri wilayani Rufiji, huujua mwezi Juni kwa jambo moja: ndipo fedha huhitajika zaidi. Mpunga wa bondeni unavunwa, wakulima wanataka kulipwa papo hapo, na magari yanasubiri kupakia kwenda Dar es Salaam. Wachache hukumbuka kwamba mwezi huohuo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) nayo inasubiri malipo mawili, tena kwa siku moja.

Malipo hayo mawili ndiyo huwapotosha wengi wanapoandaa taarifa ya mtiririko wa fedha, ile karatasi ambayo ofisa mikopo wa benki huipitia kabla hajafungua droo ya fomu. Kosa la kawaida ni kuchukua kodi iliyoandikwa kwenye taarifa ya faida na hasara na kuihamishia kwenye mtiririko wa fedha kama ilivyo, kana kwamba yote imelipwa. Mara nyingi siyo kweli, na tofauti yake inaweza kuwa ndiyo fedha ya kununulia magunia.

Tofauti inatoka wapi

Kampuni, hata iwe ndogo kiasi gani, hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida yake. Hapo inatofautiana na mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yasiyozidi Sh100 milioni kwa mwaka, ambaye hukadiriwa kwa kuangalia mauzo.

Kampuni inayofunga hesabu Desemba 31 hukadiria kodi yake mwanzoni mwa mwaka na kuilipa kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Mwaka ukiisha ndipo hesabu kamili hufanyika. Ikionekana makadirio yalikuwa madogo, kiasi kilichobaki hulipwa pamoja na ritani ya mwisho, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa. Miezi sita baada ya Desemba ni Juni 30.

Kwa hiyo, Juni 30 kampuni inalipa salio la mwaka uliopita na awamu ya pili ya mwaka unaoendelea. Fedha zinazotoka katika mwaka mmoja ni mchanganyiko wa kodi ya miaka miwili, wakati taarifa ya faida na hasara inaonyesha kodi ya mwaka mmoja tu. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 7, kinachohusu mtiririko wa fedha, kinataka kodi ya mapato iliyolipwa ionyeshwe kwenye mstari wake peke yake.

Namna ya kuipata

Njia ni ileile ambayo mwenye duka hutumia kujua mteja wake wa mkopo amelipa kiasi gani. Anachukua deni la mwanzo, anaongeza alichokopa, anatoa deni lililobaki. Kilichopotea hapo katikati ndicho kilicholipwa. Kwa kodi, deni la mwanzo na la mwisho hupatikana kwenye mizania, na kodi ya mwaka hupatikana kwenye taarifa ya faida na hasara:

Kodi iliyolipwa = deni la kodi mwanzo wa mwaka + kodi ya mwaka − deni la kodi mwisho wa mwaka

Chukua mfano wa kampuni ya kukoboa na kuuza mchele iliyoko Umwe. Januari 1, 2023 ilikuwa ikidaiwa kodi Sh2.4 milioni, ikiwa ni salio la mwaka 2022. Kwa mwaka 2023 ilipata faida ya Sh20 milioni kabla ya kodi, na kodi yake ni Sh6 milioni. Desemba 31, 2023 mizania inaonyesha inadaiwa Sh1.8 milioni.

Jumlisha Sh2.4 milioni na Sh6 milioni, upate Sh8.4 milioni. Toa Sh1.8 milioni. Kodi iliyolipwa ni Sh6.6 milioni.

Jibu hilo halitakiwi kuaminiwa kabla ya kufungua faili la stakabadhi za benki. Kampuni hiyo ilikadiria kodi ya Sh4.2 milioni, hivyo ililipa awamu nne za Sh1,050,000 kila moja. Juni 30 ililipa pia Sh2.4 milioni za mwaka 2022. Awamu nne, Sh4.2 milioni, na salio hilo la Sh2.4 milioni, zinafanya Sh6.6 milioni. Vitabu na stakabadhi vimekubaliana.

Mhasibu ambaye angeandika Sh6 milioni kwenye mtiririko wa fedha angejikuta na fedha zaidi kwenye karatasi kuliko zilizoko benki, kwa tofauti ya Sh600,000. Hapo wengi hutafuta mstari mwingine wa kuficha tofauti hiyo, na hesabu nzima huharibika.

Stakabadhi hizo zinaeleza jambo jingine. Siku ya Juni 30 pekee zilitoka Sh3,450,000, ambazo ni zaidi ya nusu ya kodi yote iliyolipwa mwaka huo. Anayetazama taarifa ya faida na hasara haoni siku hiyo kabisa.

Mwaka wa mafuriko

Mambo hugeuka pale mwaka unapokuwa mbaya. Aprili 2024 maji ya mto Rufiji yalifunika mashamba ya mpunga katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mwenye mashine aliyekuwa amekadiria faida nono Machi alijikuta hana mpunga wa kukoboa.

Kampuni ya mfano ilianza mwaka 2024 ikidaiwa zile Sh1.8 milioni. Ilikadiria kodi ya Sh6.4 milioni, yaani Sh1.6 milioni kila awamu. Ililipa awamu ya Machi. Juni ililipa awamu ya pili pamoja na deni la mwaka 2023. Baadaye ilirekebisha makadirio yake TRA, jambo ambalo sheria inaruhusu katikati ya mwaka, ikaacha kulipa awamu mbili zilizobaki. Mwisho wa mwaka faida ilikuwa Sh8 milioni na kodi yake Sh2.4 milioni.

Awamu mbili zilizolipwa ni Sh3.2 milioni, kodi halisi ni Sh2.4 milioni. Sasa kampuni haidaiwi, bali inaidai TRA Sh800,000. Kwenye mizania kiasi hicho kinahamia upande wa mali.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wamezoea kutoa salio la mwisho, hivyo wanaandika Sh1.8 milioni kujumlisha Sh2.4 milioni kutoa Sh800,000, wanapata Sh3.4 milioni. Lakini salio hilo siyo deni tena, ni kinyume chake, na kutoa kitu kilicho kinyume cha deni ni sawa na kukijumlisha. Hesabu sahihi ni Sh1.8 milioni, kuongeza Sh2.4 milioni, kuongeza Sh800,000, jibu Sh5 milioni. Stakabadhi zinathibitisha: Sh1.6 milioni Machi, Sh1.6 milioni Juni, na Sh1.8 milioni za deni la nyuma.

Kosa hili lina alama yake. Tofauti kati ya Sh5 milioni na Sh3.4 milioni ni Sh1.6 milioni, ambayo ni mara mbili kamili ya Sh800,000. Mtiririko wa fedha ukigoma kulingana na benki, na tofauti ikawa mara mbili ya salio la kodi, basi salio hilo limewekwa upande usio wake. Ni hivyohivyo mwaka unaofuata, ambapo zile Sh800,000 zitakuwa salio la mwanzo: zitatolewa, hazitajumlishwa.

Mwaka huo wa mafuriko una somo kwa anayeomba mkopo. Kodi ya mwaka ni Sh2.4 milioni, lakini fedha zilizotoka ni Sh5 milioni, zaidi ya mara mbili. Kampuni ililipa kodi kubwa kuliko yote iliyopaswa katika mwaka ambao mashine ilikaa bila kazi. Ofisa mikopo akionyeshwa hivyo ataelewa kwa nini akaunti ilikauka, na ataona pia Sh800,000 zinazoweza kupunguza kodi ya mwaka unaofuata.

Kodi isiyo na stakabadhi

Kuna kampuni ambazo mstari wa kodi kwenye taarifa ya faida na hasara una vitu viwili ndani yake: kodi ya mwaka huu na kodi iliyoahirishwa. Hii ya pili hujitokeza, kwa mfano, kampuni inaponunua mashine mpya ya kukoboa, na sheria ya kodi ikairuhusu kukata uchakavu kwa kasi kubwa kuliko vitabu vyake. Kodi inapungua leo na itaongezeka baadaye, na vitabu vinaandika deni hilo la baadaye mapema.

Tuseme mwaka 2023 mstari huo ungeonyesha Sh7 milioni, ambamo Sh1 milioni ni kodi iliyoahirishwa. Anayetumia Sh7 milioni pamoja na salio la kodi ya kawaida tu atapata Sh7.6 milioni, na hatapata stakabadhi ya ile Sh1 milioni ya ziada. Kinachotakiwa ni kutumia Sh6 milioni pekee. Anayetaka kutumia Sh7 milioni sharti aweke pia salio la mwanzo na la mwisho la kodi iliyoahirishwa, na jibu litarudi lilelile la Sh6.6 milioni.

Mahali fomula inapokomea

Fomula inaonyesha kiasi cha deni kilichofutwa, haionyeshi kilifutwaje. Mteja mkubwa akikata kodi ya zuio kwenye malipo ya kampuni na kuipeleka TRA, deni la kodi linapungua ingawa kampuni yenyewe haikwenda benki. Kiasi hicho kitajitokeza ndani ya jibu kama kodi iliyolipwa. Kwa hiyo hati za zuio ziwekwe pamoja na stakabadhi wakati wa kulinganisha, la sivyo mhasibu atasaka malipo ambayo hayakupita mikononi mwake.

Tozo nyingine nazo zisichanganywe. Ushuru wa mazao na ushuru wa huduma wa halmashauri ni gharama za biashara na zimeshapunguza faida kabla ya kodi. Kodi ya Ongezeko la Thamani na kodi ya mishahara ya wafanyakazi zina akaunti zake. Zikitupwa kwenye akaunti moja kwa jina la “kodi”, salio la mwanzo na la mwisho linapoteza maana, na fomula itatoa jibu lisilolingana na stakabadhi yoyote.

Kwa kampuni ya Umwe, kazi yote hii inahitaji mizania mbili, taarifa moja ya faida na hasara na faili la stakabadhi. Ikifanyika Januari, mapema kabla ya ritani, mwenye mashine anajua kiasi kinachomsubiri Juni 30, na anaweza kukitenga kabla mpunga haujaanza kushuka.