Usilipie koma kabla hadithi haijasimama

Rafiki yangu mmoja aliandika riwaya kwa simu, kila usiku baada ya kazi, mwaka mzima. Alipomaliza alikuwa na maneno 52,000 na akiba ya shilingi 15,000. Akamtafuta jamaa wa kusoma prufu, akampa doo yote. Mswada ukarudi safi, kila koma mahali pake. Baadaye akampelekea mhariri mmoja wa riwaya ausome. Jibu lilikuwa fupi: hadithi yako inaanzia sura ya nne.

Sura tatu za kwanza zikatupwa, maneno kama 9,000 hivi. Dada wawili wa mhusika mkuu wakaunganishwa, akabaki mmoja. Mwisho ukaandikwa upya. Zile koma alizolipia zikaenda na sura zake, na sura mpya zikaja na makosa yake mapya. Mfukoni, hakuna kitu.

Hakutapeliwa. Yule jamaa alifanya kazi aliyopewa. Shida ni kwamba sisi wengi tukisikia neno "kuhariri" tunafikiria kazi moja, ilhali ni tatu.

Tuseme umeandika hivi: "Akinyi alishuka Rongai saa tatu usiku akilia. Robo saa baadaye alikuwa mlangoni kwa shangaziye Thika, macho makafu."

Msomaji prufu ataona "makafu" na kuandika "makavu". Basi. Kazi yake hasa huja mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa tayari kuchapwa. Hapo anasaka herufi zilizoponyoka, nambari za kurasa, na kichwa cha sura kisichofanana na kile cha kwenye yaliyomo.

Mhariri wa lugha ataenda mbali kidogo. Atakuuliza: Rongai hadi Thika kwa robo saa, alipaa? Tena sura ya pili ulisema shangazi anaishi Nakuru. Huyu anaangalia sarufi, mtiririko wa sentensi, na kama ulichosema leo kinapatana na ulichosema jana.

Mhariri wa muundo hata hatagusa "makafu". Atauliza swali linalouma: huyu shangazi ametoka wapi? Hajaonekana tangu sura ya pili, sasa anafungua mlango na matatizo yote ya Akinyi yanaisha. Mbona Akinyi mwenyewe hafanyi lolote? Ukikubali hoja hiyo, safari ya Thika inafutwa yote, pamoja na robo saa yake na "makafu" yake.

Ndiyo maana nasema rasimu ya kwanza iende kwa muundo kwanza, halafu lugha, prufu mwisho. Kila hatua hufuta sehemu ya kazi ya hatua iliyo chini yake. Ukianzia chini, utalipa mara mbili.

Hata waandishi wakubwa walipitia hapa. Mwaka 1957, Mmarekani Harper Lee alipeleka mswada kwa kampuni ya Lippincott. Mhariri Tay Hohoff aliupenda, lakini akaona kwamba bado haujawa riwaya. Mswada ule ulimhusu mwanamke mzima anayerudi nyumbani. Lee akarudi nyuma hadi utoto wa mhusika huyo, akaandika upya. Mwaka 1960 ikatoka To Kill a Mockingbird. Rasimu ya awali nayo ilichapishwa mwaka 2015 kwa jina Go Set a Watchman, na ukizisoma zote mbili utaona wazi kwamba koma pekee hazingeivusha.

Najua utasema mhariri wa muundo ni ghali. Kweli, kwa kawaida ndiye ghali zaidi kati ya watatu. Lakini sehemu ya kazi yake unaweza kuanza mwenyewe bure. Weka mswada kando wiki mbili. Kisha chukua karatasi, kila sura iandikie sentensi moja: nani anataka nini, na nini kimebadilika mwisho wa sura. Sura ambayo hakuna kilichobadilika, itilie shaka. Halafu wape wasomaji watatu ambao si mama yako. Usiwaulize kama ni poa. Waulize walichoka ukurasa gani, na ni wapi walirudi nyuma kusoma tena. Wawili wakitaja ukurasa mmoja, tatizo liko hapo au kurasa chache kabla.

Lakini usiwape mswada uliojaa makosa hadi hausomeki. Pitisha jicho mwenyewe, rekebisha yanayomkwaza msomaji, usilipe mtu.

Rafiki yangu sasa yuko rasimu ya tatu, na anaweka akiba upya. Safari hii, mtu wa prufu atapigiwa simu mwisho.