Huyo Mrembo wa Saa Nane Usiku Yuko Kazini

Wasee, mkisikia profaili feki nyinyi hufikiria tu yule mkora wa kuomba nauli. Huyo tushamjua. Kuna mwingine hakuombi hata bob, na ndiye anakumaliza polepole: mtu aliyeajiriwa kuchati na wewe kwenye tovuti ambayo kila meseji unayotuma inakukata krediti.

Kazi hiyo iko hapa hapa Kenya. Michael Geoffrey Asia, aliyeifanya, aliandika hadharani mwaka 2025 jinsi alivyokuwa akivaa sura za watu wa kubuni na kulipwa senti 5 za dola kwa meseji moja. Hiyo ni kama shilingi 6 na nusu. Meseji lazima ifikishe idadi fulani ya herufi, na unaweza kupewa chati ambayo mwenzako alikuwa ameshaianza, uiendeleze kana kwamba ni wewe tangu mwanzo.

Shika hapo kwa malipo. Huyo mtu halipwi ukimpenda, wala halipwi mkikutana. Analipwa chati ikiendelea. Basi kila jibu lake lazima likuache na kitu cha kujibu, na hakuna jibu linaloweza kuwafikisha mahali mkaonana.

Jamaa yangu mmoja hapa Naitiri alinipa simu nisome chati zake za siku nne. Meseji 61, kila moja shilingi 15, yaani 915. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba dem aliandikiwa yuko Nairobi, "kilomita 4 kutoka kwako". Kilomita 4 kutoka Naitiri, jameni! Tovuti nyingi hukisia ulipo kwa anwani ya intaneti, na laini zetu za simu mara nyingi husomeka kama ziko Nairobi. Tovuti ilimweka jamaa Nairobi, halafu ikamtengenezea jirani wa huko.

Akamwandikia: "Leo tumepukuchua mahindi mchana kutwa, nimechoka." Jibu: "Pole mpenzi, mwanaume mwenye bidii hunivutia sana. Ukichoka hivyo hupenda kupumzika aje? Niambie zaidi." Akamwambia waonane Kitale Jumamosi. Jibu: "Natamani sana, lakini tujuane kwanza. Deti yako ya kwanza ungependa iwe wapi?" Ona vile swali la "lini" limegeuzwa kuwa swali la "ungependa nini". Hakukataa, hakukubali, na meseji nyingine ikalipiwa.

Nikamwambia atume nukta moja tu. Hivi: "." Binadamu wa kawaida angejibu "?" au angenyamaza. Huyu alirudisha mistari mitatu, urefu ule ule wa majibu yote, na swali mwishoni. Herufi lazima zifike.

Kuna jambo lingine ambalo mimi huliamini kuliko yote. Hawa watu hufanya kazi kwa shifti, na anayetoka humwachia anayeingia maelezo mafupi kukuhusu: kazi yako, watoto, ugonjwa wa mamako. Kwa hivyo ukimuuliza mambo makubwa atapita mtihani. Muulize kitu kidogo alichosema yeye mwenyewe asubuhi, kama ule utani wake juu ya jogoo wa jirani. Jamaa aliuliza hivyo usiku, akajibiwa, "Wewe nawe una vituko, nipe stori yote." Lakini usimhukumu mtu kwa jibu moja. Msichana wa ukweli pia husahau, na kukataa kupiga simu ya video na mtu asiyemjua ni akili tu. Kinachomfichua opareta ni hayo yote yakienda pamoja, siku baada ya siku.

Roboti ni rahisi zaidi kujua. Inakusalimia dakika chache baada ya kujisajili, hata picha hujaweka. Data za Ashley Madison zilipovuja 2015, zilikutwa profaili zaidi ya 70,000 za roboti za kike zilizokuwa zikiwaandikia wanaume.

Na kabla hujaweka hela, fungua masharti ya tovuti utafute maneno `fictional` na `entertainment`. Nyingi huandika hapo kwamba baadhi ya profaili ni za kubuni. Mwaka 2014 kampuni ya JDI Dating ilikubali kulipa zaidi ya dola 600,000 Marekani kwa sababu ya profaili kama hizo. Yenyewe ilizipa jina la "Virtual Cupid", na alama ya kuzitambulisha ilikuwa herufi mbili ndogo, V na C, ambazo wateja wengi hawangeziona.

Opareta mwenyewe sina vita naye. Anaweza kuwa classmeti wako aliyekosa kazi, anayeandika "nakupenda" kwa watu kadhaa usiku mmoja ndio alipe nyumba. Mimi nina vita na anayebaki na shilingi zingine 8 na nusu.