Barua ya benki ya mtoto anayekwenda kusoma Uingereza: isomwe kabla ya kutumwa

Barua ya benki inayosema kwamba mzazi "ni mteja wetu mwaminifu tangu 2014 na leo ana salio la shilingi milioni 70" inapendeza kuisoma, lakini kwa viza ya mwanafunzi wa Uingereza haitoshi. Haijasema fedha hizo zilikuwapo jana, wala wiki tatu zilizopita. Anayeshughulikia maombi anataka kuona siku 28 mfululizo ambazo salio halikushuka chini ya kiasi kinachotakiwa, hata kwa siku moja.

Kiasi chenyewe kila familia inajikokotolea. Tuchukue familia ya Morogoro ambayo binti yao amepata chuo nje ya London. Ada ya mwaka ni pauni 15,000 na wameshalipa 5,000, kwa hiyo imebaki 10,000. Waangalie kwanza kama malipo hayo yameandikwa kwenye CAS, ile hati ya udahili inayotolewa na chuo, maana yasipoandikwa watahitaji risiti ya chuo ili yahesabiwe. Kisha inaongezwa fedha ya kujikimu. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, au 1,529 ndani ya London, na huhesabiwa miezi isiyozidi tisa. Miezi tisa ni pauni 10,539. Jumla binti anatakiwa aonyeshe pauni 20,539. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, hivyo vitazamwe upya kwenye gov.uk siku ya kujaza fomu.

Sasa akaunti ya baba ni ya shilingi. Tuseme pauni moja ni shilingi 3,300. Zinatakiwa kama milioni 67.8, naye ana milioni 70, anaona amevuka. Lakini ofisi ya viza haibadilishi fedha kwa bei ya siku barua ilipoandikwa, wala kwa bei ya dirishani benki. Hutumia bei ya tovuti ya OANDA ya siku ya maombi. Pauni ikipanda hadi 3,450, zinatakiwa karibu milioni 70.9, na milioni 70 hazitoshi tena ingawa hakuna aliyegusa akaunti. Mwenye akaunti ya shilingi aache nafasi ya kutosha juu ya hesabu, tuseme asilimia kumi. Baadhi ya benki hufungua akaunti ya pauni, na hapo hofu ya bei inakwisha, ila siku 28 zihesabiwe tangu kiasi chote kilipotimia humo. Akaunti ya dola haiondoi hofu hiyo, kwa kuwa dola nayo hupanda na kushuka mbele ya pauni.

Baada ya hapo ni tarehe. Fedha zikitimia Juni 3, siku ya 28 ni Juni 30. Barua ikifunga hesabu Juni 30, maombi yanatakiwa yalipiwe ndani ya siku 31 tangu hapo, yaani hadi Julai 31. Agosti 2 barua hiyo imeshachacha. Na kama Juni 14 mama alichomoa milioni nne za msiba akazirudisha Juni 17, salio lilishuka hadi milioni 66 na hesabu inaanza upya Juni 17. Misiba haipangwi, ndiyo maana wengine hutenga fedha hizi kwenye akaunti isiyo na kadi wala huduma ya simu.

Kwa hiyo benki iombwe barua yenye jina kamili la mwenye akaunti, namba ya akaunti, nembo ya benki, tarehe, sarafu na salio, pamoja na sentensi inayotaja kwamba tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani salio halikushuka chini ya kiasi fulani. "Wastani wa salio" haujibu swali hilo. Karani akisema ana barua ya aina moja tu, ichukuliwe taarifa ya akaunti ya siku hizo zote. Hiyo huonyesha kila siku bila maelezo ya mtu. Hisa na hati fungani hazihesabiwi.

Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au ya mlezi wa kisheria. Ya mjomba haikubaliki, hata kama ndiye anayelipa kila kitu. Mjomba azihamishie kwa mzazi, na siku 28 zianzie hapo. Fedha zikiwa za mzazi, kunaambatishwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya mzazi iliyosainiwa, inayosema huyu ni mwanangu na ninaridhia atumie fedha hizi kwa masomo. Majina ya mzazi kwenye cheti yalingane na yale ya benki. Cheti kikiwa na jina la ujana la mama na benki ikiwa na la ndoa, cheti cha ndoa nacho kiingie kwenye bahasha.