Si Kila Chembe ya Moyo Inayouma Ina Vidonda

Mtu akishika chembe ya moyo akakunja uso, waliokaa naye huwa wamekwishampa ugonjwa kabla hajamaliza kueleza: vidonda vya tumbo. Dawa atatajiwa hapo hapo, na duka la dawa haliko mbali. Imani hii naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu ilimpotezea shemeji yangu miaka miwili na nusura impotezee uhai.

Alikuwa na miaka 41. Harusini alikula pilau la nyama yenye mafuta saa mbili usiku. Ilipofika saa nne akaanza kuumwa. Hayakuwa maumivu ya kuunguza, wala ya kukata na kuachia. Yalipanda taratibu, yakafika juu, yakaganda hapo, kama mtu amemkandamiza ngumi chini ya mbavu za kulia na hataki kuiondoa. Yakapenya mpaka kwenye bega la kulia, kwa nyuma. Alilala ubavu, akainama, akatembea uani akirudi huku na huko. Hakuna mkao uliomfaa. Alitapika, asipate nafuu. Saa nane usiku maumivu yakakoma, na asubuhi nilimkuta anakanda unga wa chapati. Sote tukasema, unaona, ni gesi na vidonda tu.

Kule kupona asubuhi ndiko kulikotudanganya, kumbe ndiko kulikopaswa kutuzindua. Nyongo hutengenezwa na ini na kuhifadhiwa kwenye kifuko kilicho chini yake. Mafuta ya chakula yakifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni inayokiamuru kifuko kijikamue. Kama ndani mna kijiwe, husukumwa hadi shingoni mwa kifuko na kuziba njia, na kifuko huendelea kukamua huku mlango umefungwa. Kijiwe kikirudi nyuma, maumivu hukoma, na mtu hukaa wiki au miezi bila kuumwa kabisa. Kidonda hakina desturi hiyo. Mara nyingi huunguza siku baada ya siku, hubadilika kwa njaa au kwa kula, na hutulizwa na dawa ya kupunguza asidi. Shemeji alimeza omeprazoli miaka miwili, na kila baada ya karamu usiku wake ulikuwa ule ule.

Nitaambiwa kwamba alipimwa. Ni kweli, alipimwa bakteria wa vidonda, akakutwa naye. Lakini bakteria huyo anaishi tumboni mwa watu wengi mno wasio na kidonda chochote. Kumkuta si kuthibitisha kwamba ndiye anayeuma. Hata kipimo cha kamera inayopitishwa kooni huona ndani ya tumbo tu, kifuko cha nyongo hakikioni. Kinachokiona ni ultrasaundi, isiyo na sindano wala mionzi. Unakwenda bila kula kwa saa sita hadi nane, ili kifuko kiwe kimejaa na vijiwe vionekane. Na sisemi kila mwenye vijiwe akapasuliwe: wengi wanavyo na havitawauma maishani, hao huachwa. Ninayemsemea ni yule ambaye maumivu yamekwishamrudia.

Usiku wa mwisho maumivu hayakuondoka saa nane. Kulipokucha alikuwa na homa, na daktari alipomkandamiza chini ya mbavu za kulia akamwambia avute pumzi, pumzi ilikatika katikati kwa uchungu. Maumivu yakipita saa sita, au yakija na homa, kifuko kimeanza kuvimba. Hapo hakuna kusubiri miadi. Hatari huzidi kijiwe kikiteleza na kuziba mfereji wa nyongo: macho huwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka. Umanjano ukiungana na homa ya kutetemeka, nyongo imeingiwa na maambukizi, nayo yanaweza kuenea kwenye damu siku hiyo hiyo. Maumivu makali yanayotoboa hadi mgongoni pamoja na kutapika kusikokoma yaweza kuwa kongosho limevimba. Na chembe ikibana pamoja na jasho jembamba na pumzi kukata, wahi hospitali pia, maana moyo nao hulia mahali hapo hapo.

Ultrasaundi ilionyesha kijiwe cha milimita 14 kimenasa shingoni mwa kifuko, na ukuta wa kifuko umenenepa. Alitundikiwa dripu, akapewa antibayotiki, na siku ya tatu kifuko kikatolewa. Nilipofungua mkoba wake nimpelekee nguo wodini, nilikuta karatasi mbili za omeprazoli alizonunua wiki ile, hazijaguswa.