Mafuta ya vitumbua yakikurukia mkononi

Saa kumi na moja alfajiri mjini Ifakara, mama anageuza vitumbua jikoni. Kimoja kinateleza, mafuta yanamrukia juu ya kifundo cha mkono. Jirani anakuja mbio na dawa ya meno. Arudi nayo.

Maji yanayochemka huishia kwenye nyuzi 100, lakini mafuta ya kukaangia hufika 170 au zaidi, tena hunata. Hata baada ya kuyafuta, joto lililokwisha kuingia huendelea kuunguza ngozi kwa chini. Dawa ya meno, ute wa yai na mafuta ya taa havilitoi joto hilo, bali hufunika kidonda na kukichafua. Kinachotakiwa ni maji.

Mama avue bangili kabla mkono haujavimba, na mkono wa gauni ulioloa mafuta, isipokuwa kama umegandia ngozi. Kisha amwagie maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 kamili. Bomba likiwa halitoi, ndoo mbili za lita 20 zinatosha: kopo la nusu lita kila robo dakika, polepole. Wengi huacha dakika ya tatu, maumivu yakipungua. Barafu isiwekwe, maana nayo huumiza ngozi. Na aliyechelewa asikate tamaa, maji bado husaidia hadi saa tatu baada ya ajali.

Kufikia jioni lengelenge limejaa maji. Lisitoboliwe, ngozi ile ndiyo bandeji bora kuliko zote. Lifunikwe kwa shashi safi isiyonata, bila kukaza, na parasetamoli inatosha kwa maumivu. Likipasuka lenyewe, lioshwe taratibu kwa maji safi na sabuni, lifunikwe upya, na shashi ibadilishwe kila ikilowa. Hapa bondeni shida huja wakati wa kupandikiza mpunga. Mkono wenye kidonda ukizama kwenye tope la jaruba, vijidudu vimepata mlango. Afadhali wengine wapandikize siku hizo.

Maumivu ya kidonda kinachopona leo huwa yamepungua kuliko jana. Kikigeuka, maumivu yakaongezeka siku ya pili au ya tatu, huenda kimeingiwa na vijidudu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mama aguse pembeni kwa mgongo wa kiganja: kama pana joto, pamevimba na uvimbe unasambaa, au panatoka usaha na harufu, au ana homa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Asisubiri dalili hizo kama aliyeungua ni mtoto mdogo, au kama ni usoni, kwenye kiganja, vidole, nyayo, sehemu za siri au kiungo, au eneo linazidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua. Huyo apozwe dakika 20, kisha apelekwe. Na akifika aulize kuhusu sindano ya pepopunda.